Kujaza wanga kabla ya mbio ndefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu ninaokimbia nao. Wengi wao humaliza kilomita 42 kwa saa nne hadi tano na nusu, na wapo ambao bado hawajavuka 21. Kila inapowezekana nimejibu kwa hesabu ya mkimbiaji mmoja wa kilo 60, kwa kuwa kilo 60 hazisumbui kichwa. Wewe weka uzito wako mahali pake.

Kujaza wanga ni nini hasa?

Ni kula wanga mwingi kuliko kawaida kwa siku moja hadi mbili kabla ya mbio, huku umepunguza mazoezi, ili misuli ianze mbio ikiwa na akiba kubwa kuliko ile inayotembea nayo kila siku. Akiba hiyo inaitwa glaikojeni, na kimsingi ni sukari iliyoshikamanishwa na kuhifadhiwa ndani ya misuli na ini. Kwa mtu mzima wa kawaida ini huweka takriban gramu 100, na misuli yote kwa jumla gramu 300 hadi 500 hivi. Ukilinganisha na mafuta tuliyonayo mwilini, hata mwembamba kabisa, hicho ni kibuyu kidogo mno.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaambiwi mapema, nalo ndilo linaloeleza mengi huko mbele: glaikojeni ya msuli ni mali ya msuli huo. Iliyoko mikononi haiwezi kumwagwa kwenye damu ikayafuata mapaja kilomita ya 35, kwa sababu misuli haina kimeng'enya cha kuifungua irudi kuwa sukari ya kusafiri. Ini linacho. Kwa hiyo miguu inategemea ilichonacho yenyewe, kinachotoka kwenye ini, na unachokunywa au kula njiani.

Nani aligundua kwamba akiba hii inaweza kuongezwa?

Wasweden wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, mwaka 1966, tena kwa kujifanyia majaribio wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa, mguu wa pili umepumzika. Kisha wakala chakula cha wanga kwa siku tatu, huku wakichukua vipande vidogo vya misuli kwa sindano na kuvipima. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni kiasi cha mara mbili ya ule uliokaa bure. Damu ilikuwa moja na chakula kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni kazi iliyofanywa na msuli.

Miaka michache baadaye mambo yakafika barabarani. Mwaka 1971 Karlsson na Saltin waliwakimbiza watu wale wale kilomita 30 mara mbili, mara moja wakiwa wamejaza na mara nyingine hawajajaza. Matokeo yao yanafaa kubandikwa ukutani: aliyejaza hakuanza kwa kasi zaidi. Alichokipata ni kuudumisha mwendo wake mwishoni, pale mwenzake, ambaye ni yeye mwenyewe wa wiki nyingine, alipokuwa anapungua.

Mimi nakimbia kwa kujipendea, na marathoni huimaliza kwa saa nne na nusu. Nahitaji kujaza?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake ni hesabu ya kutoa. Unahitaji kujua mambo matatu: utachoma wanga kiasi gani, miguu na ini vina kiasi gani, na utaingiza kiasi gani njiani.

Tuanze na matumizi. Kukimbia hugharimu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, uende kasi au polepole. Mtu wa kilo 60 kwa kilomita 42.2 atatumia kama kilokalori 2,530. Si zote zinatoka kwenye wanga, kwa sababu mafuta pia huchomwa, na kadiri unavyokwenda taratibu ndivyo sehemu ya mafuta inavyokuwa kubwa. Kwa mwendo wa saa nne na nusu tukadirie asilimia 60 kutoka kwenye wanga. Hiyo ni kilokalori 1,520, na kwa kuwa gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, tunapata gramu 380.

Sasa akiba. Misuli ya miguu inayofanya kazi ya kukimbia tuikadirie kilo 12. Kila kilo ya msuli ambao umelishwa kawaida na kupumzishwa hubeba takriban gramu 18 za glaikojeni, kwa hiyo miguuni mna kama gramu 215. Ongeza 85 za ini, jumla gramu 300.

Mahitaji 380, akiba 300. Ukikimbia kwa maji matupu, akiba itaisha ukiwa umefanya kama asilimia 79 ya safari, yaani kilomita ya 33. Aliyewahi kuzimika marathoni anaujua vizuri mtaa huo.

Lakini wewe uko barabarani saa nne na nusu. Ukianza kula baada ya nusu saa na kuingiza gramu 40 kila saa, ambazo tumbo la watu wengi hulipokea bila ugomvi, utakuwa umeongeza gramu 160. Akiba ya mwilini sasa inatakiwa kutoa 220 tu, nayo ni 300. Unafika.

Na kujaza je, kungekupa nini? Msuli uliojazwa vizuri hubeba gramu 30 hivi kwa kilo badala ya 18. Kilo 12 mara ziada ya gramu 12 ni gramu 145 za nyongeza. Linganisha: 145 kwa siku mbili za kula wali mpaka uuchukie, 160 kwa kula kidogo kidogo njiani. Kwa mkimbiaji wa mwendo wako mambo haya mawili yanafanya kazi ile ile, na moja peke yake linatosha.

Hesabu hii ni ya kukadiria, wala simwambii mtu aibebe kama mizani ya dhahabu. Miguu hutofautiana, na mtu aliyeanza mbio kwa papara huchoma wanga mwingi kuliko nilivyoweka. Lakini inaonyesha uzito wa kila upande, na ndiyo maana jibu langu kwa mtu wa saa nne na nusu ni hili: jifunze kwanza kula njiani. Kujaza kuwe cha pili, nacho kwa kiasi.

Kwa hiyo kujaza ni kazi bure kwangu?

Sijasema hivyo. Kuna aina moja ya mtu wa saa nne na nusu ambaye namshauri ajaze kwa makini, naye ni yule ambaye tumbo lake halikubali kitu likiwa linatikiswa. Amejaribu jeli, ule wanga mzito wa kufyonza unaouzwa kwa wakimbiaji, akatapika, amejaribu kinywaji cha michezo kikamkaa kooni. Huyo upande wa njiani anaingiza gramu 15 kwa saa akibahatika, kwa hiyo upande wa akiba lazima ubebe mzigo. Na kwa yeyote yule, kujaza kidogo ni bima ya siku ambayo jeli zimedondoka kilomita ya 8 au kituo cha vinywaji kimekauka.

Kinyume chake pia kimepimwa. Mwaka 2000 watafiti wa Australia waliwapa waendesha baiskeli chakula cha kujaza mara moja na chakula cha kawaida mara nyingine, kwa namna ambayo wenyewe hawakujua wamepewa kipi. Kisha wakawaendesha kilomita 100. Wote walikula asubuhi na walikunywa wanga wakiwa njiani. Glaikojeni ya misuli kweli ilikuwa juu kwa waliojaza, lakini muda wa kumaliza haukutofautiana. Nadhani kutojua kulisaidia kuondoa ile nguvu ya imani, maana mtu aliyekula tambi siku mbili hujiona simba.

Rafiki yangu anakimbia saa 2 na dakika 45, na kwake kujaza ni lazima. Mbona sheria zinatofautiana?

Sheria ni moja ila tarakimu zake ni nyingine. Akiwa na kilo 60 kama wewe, naye atatumia kilokalori 2,530. Kwa kasi yake, hata hivyo, wanga hubeba kama asilimia 80, yaani gramu 506. Akila gramu 60 kwa saa kuanzia nusu saa ya kwanza, ambacho ni kiwango cha mtu aliyelizoeza tumbo lake, ataingiza 135 tu kwa sababu yuko barabarani muda mfupi. Akiba yake ya kawaida 300 jumlisha 135 ni 435. Amepungukiwa gramu 70, na kwa kiwango hicho cha kula njiani pengo hilo haliwezi kuzibwa na kitu kingine isipokuwa kujaza. Akijaza anafika 580 na anabakiwa na nafasi ya kuongeza mwendo.

Mwendo wa polepole una faida hii ambayo hakuna anayeitangaza: unachoma wanga kidogo zaidi kwa kila kilomita, na una saa nyingi za kula.

Na nusu marathoni? Kilomita 10?

Kilomita 10, hapana. Nusu marathoni, karibu hapana. Kilo 60 mara kilomita 21.1 ni kilokalori 1,266, na hata tukisema asilimia 70 inatoka kwenye wanga kwa kuwa watu hukaza zaidi, tunapata gramu 222 dhidi ya akiba ya 300. Kula kama kawaida siku ya mwisho, usiruke chakula cha jioni, pumzika. Mstari ambao wataalamu huuchora ni dakika 90 za kazi mfululizo. Chini ya hapo kujaza hakuleti tofauti. Nusu marathoni ya saa mbili na robo imepita mstari huo kidogo, na kwa hiyo jeli moja katikati inatosha kukuondolea wasiwasi.

Nikiamua kujaza, lazima kwanza nijinyime wanga siku tatu?

Huo ni utaratibu wa zamani wa Wasweden: wiki moja kabla, zoezi la kujimaliza kabisa, siku tatu za kula nyama na mafuta bila wanga, halafu siku tatu za wanga mtupu. Ulifanya kazi. Mwingereza Ron Hill aliutumia na kushinda marathoni ya ubingwa wa Ulaya mjini Athens mwaka 1969. Lakini siku zile tatu za njaa ya wanga humwacha mtu akiwa mnyonge, mwenye hasira na usingizi mbovu, tena katika wiki ambayo anatakiwa kuwa mtulivu.

Mwaka 1981 Sherman na wenzake walionyesha kwamba ukipunguza tu mazoezi taratibu na kuongeza wanga siku tatu za mwisho, misuli hufika karibu pale pale bila mateso. Mwaka 2002 watafiti wengine, Bussau na wenzake, wakaenda mbali zaidi: wanamichezo waliozoea mazoezi, wakikaa bila kufanya lolote na kula gramu 10 za wanga kwa kila kilo, walijaza misuli yao ndani ya saa 24. Siku ya pili na ya tatu hazikuongeza kitu cha maana.

Maelekezo ya sasa kwa wanaoshindana ni gramu 10 hadi 12 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa saa 36 hadi 48 kabla ya mbio. Kwa mkimbiaji wa kawaida ninaridhika na 7 hadi 8 kwa siku mbili, au 9 hadi 10 kwa siku moja kama hutaki kuliburuza zoezi hili. Mbio ikiwa Jumapili, kazi yote iko Ijumaa na Jumamosi. Jumatano kula kama binadamu.

Gramu hizo kwenye sahani zinafananaje?

Zinafanana na chakula kingi kuliko unavyodhani, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wacha nikupitishe kwenye Jumamosi nzima ya yule mtu wetu wa kilo 60.

Asubuhi: slesi nne za mkate mweupe zenye vijiko viwili vikubwa vya jamu, ndizi mbivu moja, na chai yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari. Hapo ana takriban gramu 120. Saa nne asubuhi anarudi kwa slesi mbili nyingine zenye kijiko kikubwa cha asali na glasi ya juisi, anaongeza 70. Mchana ni wali mweupe uliopikwa, gramu 350, ambao ni sahani iliyojaa vizuri, na kipande kidogo cha kuku asiye na ngozi na glasi nyingine ya juisi. Hiyo ni 125, na kuku hana mchango humo. Alasiri anakula ndizi mbili na kunywa chai ya sukari: 65. Saa kumi na mbili jioni anakula tambi zilizochemshwa, gramu 300, kwa mchuzi mwepesi wa nyanya. Hiyo ni 90.

Jumla gramu 470, karibu 8 kwa kila kilo. Ili afike 9 anahitaji soda moja na slesi mbili zaidi zenye asali kabla ya kulala. Utaona kwamba vinywaji vinabeba sehemu nzuri ya kazi. Si bahati mbaya: baada ya mlo wa tatu, kutafuna kunachosha kabla tumbo halijajaa.

Tazama pia kilichokosekana. Hakuna maharage, hakuna mkate wa ngano isiyokobolewa, mboga za majani ni kijiko cha kupambia sahani. Siku nyingine zote ningekugombeza kwa kula hivi. Leo nyuzinyuzi hukushibisha mapema na kesho hukutafutia choo njiani.

Kwa nini sahani moja kubwa ya tambi usiku wa kuamkia mbio haitoshi?

Kwa sababu msuli hujaza kwa mwendo wake na tumbo humeng'enya kwa mwendo wake, na vyote viwili havijali kwamba mbio ni saa kumi na mbili asubuhi. Gramu 90 za tambi ni gramu 90. Sahani ya pili na ya tatu unaweza kuzilazimisha, lakini utalala na jiwe.

Marathoni yangu ya kwanza niliifanya hivyo hivyo. Saa tatu usiku nilikula tambi zilizozama kwenye mchuzi wa krimu na jibini, mpaka mkanda wa suruali ukalegezwa mara mbili. Wanga uliokuwemo nilikuja kuukokotoa baadaye: haukufika gramu 150. Kilichobaki kilikuwa mafuta. Kilomita ya 17 nilikuwa kwenye foleni ya choo, na watu niliowapita kilomita ya 9 walikuwa wananipungia mkono.

Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote lilipo. Mtu anasema anajaza wanga, ukitazama sahani unaona viazi vya kukaanga, keki, maandazi na piza. Mafuta yana kilokalori 9 kwa gramu na hushibisha haraka, kwa hiyo unafunga mlango kabla wanga haujaingia. Kujaza si kula zaidi ya kila kitu. Mafuta yanashuka, nyama inabaki kiasi, na nafasi yao inachukuliwa na wanga. Kwa mtu wetu, gramu 470 za wanga ni kilokalori 1,880. Ukiongeza kuku na mafuta kidogo ya kupikia, jumla ya siku haipiti sana ile ya siku zake za mazoezi.

Nimepanda mizani Jumamosi usiku nimeongezeka kilo nzima. Nimenenepa?

Hapana, hiyo ndiyo dalili nzuri unayoweza kuipata nyumbani. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ukiongeza gramu 250 mwili mzima, zinakuja na maji kama gramu 750, na hapo kilo imetimia. Kuongezeka kilo 1 hadi 2 ni kawaida, na miguu huweza kuhisi mizito au imekaza. Uzito huo huanza kuondoka kadiri unavyokimbia.

Kwa mbio za kilomita 10 hii ni sababu nyingine ya kutojaza: unabeba kilo moja ambayo hutaihitaji.

Kama nimejaza, kifungua kinywa bado ni cha lazima?

Ndiyo, na sababu yake si misuli. Usiku kucha ubongo unakula sukari, na anayeitoa ni ini. Glaikojeni ya misuli hukaa palepale ukiwa umelala, lakini ya ini hupungua sana hadi asubuhi. Zile gramu 85 nilizohesabu kule juu ni za mtu aliyekula asubuhi. Aliyeamka na kwenda mstarini bila kitu ameanza na pengo.

Kanuni ni gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo, saa moja hadi nne kabla. Kadiri unavyosogea karibu na mbio ndivyo kiasi kinavyopungua. Kwa kilo 60 mimi hupendelea gramu 120 saa tatu kabla, yaani kile kile kifungua kinywa cha Jumamosi. Kama mbio inaanza alfajiri na huwezi kuamka saa tisa usiku, gramu 60 saa moja na nusu kabla zitakufaa: slesi mbili zenye asali na nusu ya ndizi.

Nilijaza vizuri kabisa na bado nikazimika kilomita ya 32. Nini kilitokea?

Nitakuuliza kwanza kilomita tano za mwanzo ulizikimbia kwa dakika ngapi. Mtu aliyejaza huamka na miguu inayotaka kukimbia, anaanza kwa mwendo wa saa nne badala ya nne na nusu, na kwa kasi hiyo sehemu ya wanga inapanda kutoka asilimia 60 kwenda 70 au zaidi. Sehemu nzuri ya faida ya siku mbili inaishia kulipia mwendo huo. Kumbuka walichokiona Karlsson na Saltin: kujaza hakumpi mtu kasi ya mwanzo.

Swali la pili ni wiki yako ilikuwaje. Msuli uliojeruhiwa hujaza vibaya. Ukikimbia mteremko mrefu au kuchuchumaa na vyuma siku tatu kabla ya mbio, maumivu unayoyasikia ni nyuzi zilizochanika kidogo, na katika hali hiyo hata gramu 10 kwa kilo hazihifadhiwi ipasavyo. Aliyekimbia kilomita 15 Ijumaa naye anajaza ndoo inayovuja.

Na la tatu: huenda hukuishiwa wanga. Kuishiwa kuna sura yake: kichwa kinakuwa kizito, hesabu ndogo ya muda inakushinda, unasikia baridi au kutaka kulia bila sababu, na soda au jeli inakuinua ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano. Kama kichwa kilikuwa safi ila mapaja yalikuwa yanauma kila hatua na sukari haikusaidia kitu, hayo ni mapaja ambayo hayakuzoea umbali. Hakuna wali unaotibu mbio ndefu za mazoezi zilizorukwa.

Ni kweli kwamba kujaza hakufanyi kazi kwa wanawake?

Dhana hiyo ina asili yake. Utafiti wa mwaka 1995 wa Tarnopolsky na wenzake uliona wanaume wakijaza na wanawake wakibaki pale pale. Lakini kiasi kilikuwa kimepangwa kama asilimia ya chakula cha siku, na kwa kuwa wanawake wale walikula kidogo kwa jumla, gramu kwa kila kilo hazikufika kiwango kinachohitajika. Kikundi hicho hicho kiliporudia mwaka 2001 na kuongeza chakula, wanawake nao walijaza. Kwa hiyo hesabu kwa gramu na kilo za mwili, achana na asilimia. Mwanamke wa kilo 50 kwa 8 anahitaji gramu 400, na huenda zikamtaka ale kuliko anavyojisikia huru kula. Vinywaji humsaidia hapo.

Nina kisukari. Naweza?

Usifanye kwa mwongozo wa ukurasa wowote, huu ukiwemo. Gramu 400 au 500 za wanga mwepesi kwa siku moja hubadilisha hesabu ya insulini au vidonge, na anayeweza kuipanga ni daktari wako, kwa vipimo vyako. Mwambie pia unapanga kula nini njiani, maana saa nne za kukimbia huvuta sukari upande wa pili.

Nijaribu lini kwa mara ya kwanza?

Kabla ya mojawapo ya mbio zako ndefu za mazoezi, wiki tatu au nne kabla ya siku yenyewe. Chukua zile za kilomita 28 au 30. Siku moja ya gramu 8 kwa kilo inatosha kwa jaribio. Andika ulichokula na saa ulizokula, jipime asubuhi ya kabla na asubuhi ya mbio, na uandike ulikwenda choo mara ngapi. Wiki inayofuata, umbali kama huo, kula kawaida lakini ingiza gramu 40 kila saa: jeli mbili ndogo za gramu 20, au kinywaji cha michezo cha kawaida, mililita 650 hivi. Kisha tazama kilomita tano za mwisho za kila siku, muda wake na ulivyojisikia.

Kwenye kikundi chetu wengi waliofanya jaribio hili walibaki na jeli na kupunguza wali. Wawili walibaki na wali. Mmoja wao hutapika akinusa jeli tu, na mwingine alikiri kwamba anapenda soda na amepata kisingizio.